Usiitazame p peke yake, itazame na p − 1

Mtu anayeandaa seva akifika kwenye faili la Diffie-Hellman, utaratibu wa watu wawili kupata siri ya pamoja hadharani, huuliza swali moja tu: namba tasa iliyomo, iitwayo p, ni ya biti ngapi? Akiambiwa 2048 hutulia na kuendelea na mambo mengine. Swali hilo ni la lazima, ila halitoshi. Namba tasa ya biti 2048 inaweza kumwaga siri yako kidogo kidogo endapo p − 1 imeundwa na vigawo vidogo. Sababu yake inaonekana vizuri kwenye namba ndogo ambazo unaweza kuzihesabu kwa kalamu.

Chukua p = 31. Zidisha namba zozote mbili kati ya 1 na 30, gawanya jibu kwa 31, ubaki na baki tu. Hutatoka kamwe nje ya zile namba 30, na kila moja kati yake ina mwenzake ambaye wakizidishana wanatoa 1. Hilo ndilo kundi letu. Ni kundi la mzunguko, maana ipo namba moja inayozizaa nyingine zote kwa vipeo vyake. Hapa namba hiyo ni 3: vipeo vyake vinakwenda 3, 9, 27, 19, 26, 16, na kuendelea, vikipita kwenye namba zote 30 kabla ya kurudi kwenye 1 katika kipeo cha 30. Namba ya aina hii tuiite kizalishi, na tuiandike g.

Sasa Asha na Juma wanataka kupata siri ya pamoja huku mtu akiwasikiliza. Asha anachagua kipeo chake cha siri, 17, na kutuma 3^17, ambayo ni 22. Juma anachagua 8 na kutuma 3^8, yaani 20. Asha anaipandisha 20 hadi kipeo cha 17, Juma anaipandisha 22 hadi kipeo cha 8, na wote wawili wanapata 28. Msikilizaji ameziona 31, 3, 22 na 20. Njia tunayoijua ya kumfikisha kwenye 28 ni kutafuta 3 ilipandishwa mara ngapi hata ikawa 22. (Utaratibu huu hauthibitishi kuwa unayezungumza naye ndiye Juma kweli. Hiyo ni kazi ya saini, nayo ni mada nyingine.)

Kwenda mbele ni rahisi hata namba zikiwa kubwa, kwa kuwa huhitaji kuzidisha mara 17. Unaipata 3^2, unaizidisha yenyewe upate 3^4, kisha 3^8, kisha 3^16, halafu unazidisha 3^16 kwa 3. Kipeo cha biti 256 kinahitaji hatua kama 256 za namna hiyo za kuzidisha namba yenyewe kwa yenyewe, na takriban 128 za kuzidisha kwa msingi. Kompyuta ya kawaida inamaliza hayo kwa milisekunde.

Kurudi nyuma ndiko kwenye tabu. Katika hesabu za kawaida, ukipewa 3^x na kuambiwa utafute x, unakisia. Jibu likizidi unapunguza, likipungua unaongeza, na baada ya makisio machache umeshafika. Ndani ya kundi letu hakuna "kuzidi" wala "kupungua". Vipeo vya 16, 17 na 18 vinatoa 28, 22 na 4. Ukikisia 16 ukapata 28 wakati unatafuta 22, huna dalili yoyote kwamba umekosea kwa hatua moja tu. Kila mara jibu linapovuka 31 hupunguzwa, na kupunguzwa huko ndiko kunakofuta alama ya ulikopita.

Msikilizaji hodari hatajaribu vipeo vyote 30. Ataandaa jedwali la vipeo vichache vya mwanzo, kisha aruke kwa hatua ndefu hadi agongane na jedwali lake. Kazi hapo inashuka hadi kwenye kipeuo cha pili cha ukubwa wa kundi, yaani kama 6 badala ya 30. Kwa kundi lenye ukubwa wa biti 2047, kipeuo chake bado ni cha hatua zisizowezekana. Mbinu hii peke yake isikukoseshe usingizi.

Kinachostahili wasiwasi ni ukubwa wenyewe wa kundi, 30, ambao ni 2 × 3 × 5. Msikilizaji anaichukua 22 aliyoituma Asha na kuipandisha hadi kipeo cha 15. Anapata 30, wala si 1, kwa hiyo anajua kipeo cha Asha ni witiri. Kisha anaipandisha 22 hadi kipeo cha 10. Hapo majibu yanayowezekana ni matatu tu: 1, ambayo ingemaanisha kipeo kinagawanyika kwa 3, 25, ambayo ni 3^10, ingemaanisha kinabakiza 1, na 5, ambayo ni 3^20, inamaanisha kinabakiza 2. Anapata 5. Mwisho anaipandisha 22 hadi kipeo cha 6, anapata 8, ambayo ni 3^12. Kwa hiyo kipeo kikigawanywa kwa 5 kinabakiza 2. Namba witiri, iliyo chini ya 30, inayobakiza 2 ikigawanywa kwa 3 na 2 ikigawanywa kwa 5, ni moja tu: 17.

Hii ndiyo mbinu ya Pohlig na Hellman, na somo lake ni zito. Kundi kubwa limegawanyika kuwa vijikundi vya ukubwa wa 2, 3 na 5, na siri imevunjwa kipande kwa kipande. Gharama inafuata kigawo tasa kikubwa kuliko vyote cha p − 1, wala haiifuati p. Namba tasa ya biti 2048 ambayo p − 1 yake ina vigawo vidogo vitupu haikupi ulinzi wowote. Hata ikiwa na kigawo kimoja kikubwa pamoja na vidogo vingi, hatari ipo. Programu nyingi hutumia kipeo kifupi cha siri, tuseme biti 256, ili kuokoa muda. Vigawo vidogo vikijumlisha biti 200, vipande hivyo peke yake vimeshafichua biti 200 za siri, na zilizobaki 56 zinatafutwa kwa mbinu ya kipeuo cha pili.

Dawa yake ni kuchagua p ili (p − 1)/2 nayo iwe namba tasa, tuiite q. Mfano mdogo ni 47, kwa kuwa 46 ni 2 × 23. Hapo kinachoweza kuvuja ni biti moja tu, ile ya witiri au shufwa. Na hata hiyo unaizuia kwa kuchagua g inayozaa kijikundi cha ukubwa wa q badala ya kundi zima. Kwa 47, namba 2 inafaa: 2^23 ikigawanywa kwa 47 inabakiza 1. Ndiyo maana utaona g = 2 katika makundi yaliyochapishwa, kama yale ya waraka wa kiwango cha intaneti RFC 7919 wa mwaka 2016.

Sasa, kwa nini biti 2048, wakati kwa mikunjo ya duaradufu, ambako kundi ni la nukta badala ya namba, tunaridhika na 256? Kwa sababu baki zetu ni namba kamili, na namba kamili zina vigawo. Rudi kwenye 22 ya Asha. Izidishe kwa 3: unapata 66, inayobakiza 4, nayo 4 ni 2 × 2. Kama tayari unajua kuwa 2 ni 3^24, basi 4 ni 3^48, ambayo kwenye mzunguko wa 30 ni 3^18. Ondoa ile 3 moja uliyoizidisha na unarudi kwenye 17. Anayeshambulia huandaa mapema vipeo vya namba tasa ndogo, kisha anahangaika tu mpaka namba yake ivunjike kuwa hizo ndogo. Nukta za mkunjo hazina vigawo vya namna hiyo, kwa hiyo mlango huo haupo huko.

Matayarisho hayo ndiyo kazi nzito, nayo yanategemea p peke yake. Mwaka 2015 watafiti waliolipa shambulio lao jina la Logjam walionyesha kuwa kwa p ya biti 512 matayarisho yanachukua kama wiki moja, na baada ya hapo kila mazungumzo yanayotumia p hiyo hiyo yanafunguliwa kwa dakika moja hivi. Mwaka 2019 p ya biti 795 ilivunjwa hadharani. Biti 1024 haziko mbali vya kutosha na rekodi hiyo. Tumia 2048 kwa uchache, na 3072 kwa mambo yatakayohitaji kubaki siri kwa miaka mingi. Hapa tuseme wazi: hakuna aliyethibitisha kwamba kukitafuta kipeo lazima kuwe kugumu. Tunachojua ni kwamba njia bora zilizopatikana hadi leo kwenye kompyuta za kawaida zinashindwa kwa ukubwa huo.

Ukikuta faili la zamani kwenye seva, usikisie. Likague:

```
openssl dhparam -in dh.pem -check -text -noout
```

Amri hiyo inakuonyesha p na g, na inajaribu kama p na q ni namba tasa kweli. Usione ni kazi ya bure. Mwezi Februari 2016 waandaaji wa programu ya `socat` walitangaza kwamba p ya biti 1024 iliyokuwa imeandikwa ndani ya programu yao haikuwa namba tasa hata kidogo. Mazungumzo yalikuwa yakienda vizuri, kwani hesabu za Asha na Juma zinakubaliana hata p ikiwa mbovu. Kosa la aina hii halijitokezi kwenye matumizi, linajitokeza kwenye ukaguzi tu. Ushauri wetu ni kutumia kundi lililochapishwa, kama `ffdhe2048` au `ffdhe3072`, badala ya kutengeneza lako.

Limebaki jambo moja, linalosahaulika na wanaoandika programu wenyewe. Namba inayotoka upande wa pili nayo ikaguliwe. Kwenye kundi letu la 31, Juma mwenye hila anaweza kutuma 5, ambayo ikipandishwa hadi kipeo cha 3 inatoa 1. Chochote atakachokuwa nacho Asha, siri itakuwa 1, 5 au 25. Juma akijaribu zote tatu kwenye ujumbe wa kwanza uliofichwa, anajua kipeo cha Asha kinabakiza ngapi kikigawanywa kwa 3. Asha akitumia kipeo kile kile kesho na keshokutwa, vipande vinakusanywa. Kwa hiyo tengeneza kipeo kipya kwa kila mazungumzo, na weka ukaguzi huu kabla ya hesabu yoyote:

```
p, q = 47, 23
B = 5
if not (2 <= B <= p - 2) or pow(B, q, p) != 1:
    raise ValueError("B haikubaliki")
```

Sharti la kwanza linazuia 0, 1 na p − 1, ambazo zingeifanya siri iweze kukisiwa papo hapo. La pili linahakikisha B imo ndani ya kijikundi cha q. Hapa 5 inakataliwa, kwa kuwa 5^23 inabakiza 46. Ukiweka B = 8, ambayo ni 2^3, inapita.