Kauli ya kutenda au kutendwa kwenye ripoti ya stoo?

"Bosi anataka niandike 'ilifanywa', 'ilitolewa' ripoti nzima. Ni sawa?"

Si ripoti nzima, ndugu. "Stoo ilifunguliwa saa 2:00 asubuhi" inatosha, kwani aliyefungua hana uzito hapo. Lakini penye uwajibikaji mtaje mtendaji: "Mtunza stoo alitoa mifuko 40 ya saruji bila hati." Ukiandika "mifuko 40 ilitolewa", mkaguzi atauliza, na nani? "Ilipungua" ni mbaya zaidi, kwa sababu kitenzi hicho hakiachi hata nafasi ya kuuliza hivyo. Kama kweli hajulikani, andika "aliyetoa hajabainika".

Halafu ondoa -ka- ya masimulizi: "akaja akachukua" iwe "alifika na kuchukua". Na ukishamwita "mtunza stoo", usimgeuze "jamaa" aya inayofuata. Msomaji atadhani ni watu wawili.