Futa hizo hashtagi kwenye bio kabla hujamgawa mteja

> Wakuu, nimefungua peji ya Instagram ya uhasibu na ushauri wa kodi. Bio nimeweka emoji 7 na hashtagi 5, kila kitu mstari wake. Emoji zipi zinafaa, hashtagi ziwe ngapi na mistari niipangeje nisionekane kanjanja?

Futa hashtagi zote leo leo, hata usinijibu kwanza. Anayekwambia ni mtu aliyeliwa.

Mi natunza vitabu vya hesabu hapa Mwanza. Mwaka juzi nikalipa elfu 80 semina ya WhatsApp, jamaa anajiita kocha wa biashara mtandaoni, akatuaminisha bio bila hashtagi ni duka bila bango. Nikabandika #mhasibumwanza #kodi #VAT. Sasa tarehe 17 mwenye gesti mmoja anahaha na ritani ya VAT, si unajua mwisho tarehe 20, rafiki yake akamtumia profaili yangu. Akaona #mhasibumwanza imekolea bluu, akadhani ndo pa kunipatia, akabonyeza, Instagram ikamtupa kwenye posti za kila aliyewahi kutumia hashtagi hiyo, na ya juu kabisa ni ya jamaa mwingine, namba ya simu kubwaaa kwenye picha. Akapiga. Nimekuja kujua miezi baadaye tumekutana msibani, ananiambia "si nilibonyeza kwako bwana, nikajua ni kijana wako." Laki 3 kila mwezi ile, na mpaka leo anakula kijana wangu nisiyemjua.

Kocha hakusema kwamba ukurasa wa hashtagi unakusanya posti, bio yako haitokei pale hata uweke 20. Kwa hiyo hashtagi ya kwenye bio haileti mtu, inatoa tu. Unataka kutafutika? Andika "Mhasibu Mwanza" kwenye sehemu ya jina, maneno makavu bila alama ya reli.

Sheria yangu ni moja: kwenye bio kisiwepo kitu cha kubonyezwa kinachompeleka mteja kwa mwingine. Na ujue kichekesho, link ukiiandika ndani ya bio haibonyezeki, ila hashtagi inabonyezeka! Link ya WhatsApp, ile ya wa.me/255 na namba yako, ina sehemu yake ya Links, iweke huko.

Emoji saba za nini? Mi nilikuwa na 🔥💯💰 mama mmoja akanitumia meseji anaulizia mkeka wa Jumamosi. Sasa hivi niko hivi:

```
Ritani za VAT na PAYE kwa maduka na gesti
Jumatatu–Ijumaa, saa 2 hadi 11
📲 WhatsApp hapo chini
```

Herufi zenyewe mwisho 150, na bio ikirefuka mkia unafichwa mpaka mtu abonyeze, ndo maana kazi iko mstari wa kwanza.

Yule kocha bado ana hashtagi nne kwenye bio yake. Juzi nimebonyeza moja, ikanipeleka kwa kocha mwingine, semina elfu 30.