Pipu 30, lakini faida dola 20

"Nilinunua USD/JPY loti 0.10 kwa 149.70, nikafunga kwa 150.00. Mbona nimepata dola 20, wakati pipu 30 za EUR/USD hunipa 30?"

Ndugu, hesabu iko sawa. Loti 0.10 ni uniti 10,000 za sarafu ya kwanza, lakini thamani ya pipu hutoka kwenye sarafu ya pili: kwa EUR/USD, 10,000 × 0.0001 ni dola 1, ilhali kwa USD/JPY pipu ni 0.01, hivyo 10,000 × 0.01 ni yeni 100. Pipu zako 30 ni yeni 3,000, ambazo ukizigawanya kwa 150 unapata dola 20.

Angalia pia tarakimu ya tatu baada ya nukta kwenye bei ya USD/JPY, kwani hiyo ni sehemu ya kumi tu ya pipu. Mimi niliihesabu kuwa pipu nzima, na kikomo changu cha hasara cha "pipu 30" kikawa cha pipu 3, biashara ikafungwa papo hapo.