Kabla hujaandika kwamba wastani huu hauwezekani

Ninyi mnaoanza kuhakiki makala za utafiti mna tabia moja inayonifurahisha na kunichosha kwa pamoja: mkishajifunza jaribio la GRIM, linalopima kama wastani ulioripotiwa unaweza kupatikana kwa idadi ya washiriki iliyotajwa, hamsomi tena makala, mnasoma majedwali peke yake. Ripoti mnazoniletea zimejaa wino mwekundu, na sehemu kubwa ya wino huo imewaonea waandishi ambao hawakukosea. Nawaandikia haya kwa kuwa kosa hilo nalijua kwa undani kuliko ninavyopenda.

1. Hesabu ifanyeni kwa mkono kabla ya kuikabidhi kwa kompyuta. Tuchukue kundi la washiriki 28 waliojibu swali moja la kipimo cha 1 hadi 5, na jedwali linasema wastani wao ni 3.47. Kila jibu ni namba nzima, kwa hiyo jumla ya majibu yote nayo ni lazima iwe namba nzima. Zidisheni 3.47 kwa 28, mtapata 97.16. Jumla iliyo karibu zaidi ni 97, na 97 ikigawanywa kwa 28 inatoa 3.464, ambayo ikikadiriwa hadi desimali mbili ni 3.46. Jumla inayofuata, 98, inatoa 3.50 kamili. Baina ya 3.46 na 3.50 hakuna kitu, na 3.47 haina pa kutokea.

Jaribio lote ni hilo. Nick Brown na James Heathers, walioliandikia makala iliyochapishwa mwaka 2017, walipitia makala 260 za saikolojia, wakapata 71 zinazoweza kupimwa kwa njia hii, na 36 kati ya hizo zilikuwa na angalau wastani mmoja usiowezekana. Wageni huikariri hiyo 36 kana kwamba ni hukumu, wakaisahau ile 71. Namba inayowahusu zaidi ni hiyo ya pili, kwa sababu inaonyesha kwamba makala nyingi haziingii kabisa kwenye jaribio hili. Nilichelewa kulielewa jambo hilo.

2. Hesabuni vipengele vya kipimo, yaani maswali yanayounda alama moja, kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote. Nilipokuwa mgeni kama ninyi, nilikabidhiwa makala yenye jedwali linalofanana sana na mfano wa hapo juu. Nilizidisha, nikagawanya, nikaona namba inakataa, na badala ya kurudi kwenye sehemu ya mbinu nikaendelea kushuka na safu ya jedwali nikitafuta nyingine. Nilizipata. Kila iliyokataa iliniongezea uhakika, ingawa kwa kweli zilikuwa zikirudia kosa moja, langu. Nikaandika ripoti ndefu kwa mhariri, yenye lugha ambayo leo siwezi kuisoma bila kufumba jicho moja: nilisema wastani huo «hauwezi kutokana na data yoyote», na nikapendekeza waandishi watakiwe kueleza asili ya data yao. Kila anayefanya kazi hii anajua kwamba maneno hayo ya mwisho ni tuhuma ya kughushi data, hata yakivishwa adabu.

Mwandishi alijibu kwa upole ulioniumiza kuliko ambavyo hasira yake ingeniumiza. Alielekeza kwenye sentensi moja ya sehemu ya mbinu, niliyokuwa nimeipitisha macho tu: alama ya kila mshiriki ilikuwa wastani wa maswali manne. Basi alama ya mshiriki mmoja haikuwa lazima iwe namba nzima, iliweza kuishia na robo. Majibu yote ya kundi yalikuwa 28 mara 4, yaani 112, na asili ya sehemu nayo ni 112. Rudieni hesabu: 3.47 mara 112 ni 388.64, na 389 ikigawanywa kwa 112 inatoa 3.473. Wastani unawezekana bila shida yoyote.

Tena kulikuwa na aibu ya pili ndani ya ile ya kwanza. Idadi ya washiriki ikizidishwa kwa idadi ya vipengele ikavuka 100, hatua kati ya wastani mmoja na unaofuata inakuwa ndogo kuliko 0.01, kwa hiyo kila namba yenye desimali mbili ina jumla inayoifaa. Jedwali lile halikuwa limefaulu jaribio wala kulifeli. Halikupaswa kupimwa kwa njia hiyo tangu mwanzo, nami nilikuwa nimejaza kurasa kulihusu. Mhariri hakunilaumu. Alinitumia tu makala nyingine baada ya muda mrefu kupita, na nikaelewa.

Kwa hiyo anayetaka kutumia kompyuta, aipe na idadi ya vipengele:

```python
def inawezekana(wastani, n, vipengele=1, desimali=2):
    N = n * vipengele
    k = round(wastani * N)
    pengo = 0.5 * 10**-desimali + 1e-9
    return any(abs(j / N - wastani) <= pengo
               for j in (k - 1, k, k + 1))
```

`inawezekana(3.47, 28)` inarudisha `False`, na `inawezekana(3.47, 28, 4)` inarudisha `True`. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ni ile sentensi ya sehemu ya mbinu.

3. Ukubwa wa sampuli ulioandikwa juu ya safu si lazima uwe idadi ya waliojibu swali hilo. Asilimia hulionyesha jambo hili vizuri. Katika kundi lilelile la watu 28, jedwali likisema 40% wana ajira, jaribuni: 11 kati ya 28 ni 39.3%, 12 ni 42.9%, kwa hiyo 40% haipatikani. Msikimbilie kalamu. Shusheni idadi ya waliojibu hatua kwa hatua: 27 inakataa, 26 inakataa, lakini 10 kati ya 25 ni 40% kamili. Huenda watu watatu waliliruka swali la ajira na mwandishi hakutaja. Huo ni upungufu wa kuripoti, na unarekebishwa kwa tanbihi moja chini ya jedwali.

4. Nusu kamili ikubalini pande zote mbili: 17 ikigawanywa kwa 8 ni 2.125, na programu moja itaandika 2.12, nyingine 2.13. Fomula ya hapo juu inaruhusu zote mbili kwa makusudi.

5. Wastani wa jumla upimeni kwa uzito wa makundi. Wakiwa washiriki 18 wenye wastani wa 3.44 na 41 wenye 4.02, jumla za majibu ni 62 na 165, na 227 kugawanya kwa 59 ni 3.85. Mkiona 3.73, mtu amejumlisha wastani mbili akagawanya kwa mbili, na hapo wino mwekundu ni halali yenu, maana kosa hili halina kisingizio cha vipengele wala cha majibu yaliyorukwa, mradi n zote mbili ni za swali hilohilo.

Mkishapita yote hayo na namba bado inakataa, andikeni kwa mwandishi hivi: «Kwa n = 28 na swali moja la namba nzima, hatukuweza kupata 3.47, tafadhali thibitisha idadi ya waliojibu, idadi ya vipengele na namna ya kukadiria desimali.» Kisha ambatisheni hesabu yenu yote, ili aone mlipopita.