Kuchezea spidi, friizi na rivasi kwenye video: wapi inabeba stori na wapi inaonekana ya bei rahisi

Leo naongea na wenzangu tunaoshuti sendofu na harusi huku Mbeya, maana kuna kitu kinaniuma. Video inakimbia, inapoa, inakimbia tena, na ukimuuliza aliyeediti kwa nini imepoa pale hana jibu, amebonyeza tu Montage au Bullet kwenye Curve, ule mstari wa kupandisha na kushusha spidi kwenye CapCut, basi. Zile Curve zimepangwa tayari, hazijui kwamba kwenye klipu yako mama mtu anafungua mikono sekunde ya sita. Wewe ndo unajua, kwa hiyo chagua Custom upange mwenyewe.

Chukua klipu ambayo kila sendofu inayo. Binti anaingia ukumbini na wapambe wake, wanacheza kuelekea mbele, halafu mama yake anatoka kumpokea wanakumbatiana. Sema ni sekunde 8, sita za kutembea na mbili za kukumbatiana. Stori iko kwenye zile mbili, zile sita ni njia tu ya kufika. Mimi za kutembea naziweka asilimia 200 zinabaki sekunde 3, za kukumbatiana naziweka asilimia 50 zinakuwa sekunde 4, yaani mtazamaji anafika haraka halafu anapewa muda wa kumwangalia mama usoni.

Sasa siri iko pale spidi inapobadilika. Wengi wanaanza kupunguza mikono ikishakutana, na hapo umechelewa, jicho linaona efekti badala ya kuona mama. Anza kupunguza kama nusu sekunde kabla, pale mama anaponyanyua tu mikono, ili wakigusana spidi iwe imeshatulia. Na mteremko wa Curve uwe laini, ukiwa mkali klipu inashtuka kama imekwama.

Hayo yote yanategemea ulivyoshuti. Taimulaini yako ikiwa fremu 25 kwa sekunde na umeshuti 50, ukiweka asilimia 50 kila fremu inatumika mara moja, inakuwa safi kabisa. Ukishuka hadi asilimia 25 fremu halisi zimeisha, programu inazirudia au inabuni za katikati, na ukitaka kujua imebuni angalia vidole vya mama mgongoni kwa binti, vinayeyuka na kuungana, na maua ya kitenge yanatambaa pembeni ya mkono. Hapo mgeni yeyote ataona kuna kitu hakipo sawa hata kama hajui jina lake. Unataka asilimia 25? Shuti fremu 100. Ila angalia taa, umeme wetu ni hezi 50, shata ya 1/100 mara nyingi inatulia nao, ukipandisha zaidi taa nyingine za ukumbini zinaanza kupepesa na kwenye slomo ndo inaonekana vibaya zaidi.

Sauti usiiburute na picha. Vigelegele vikipunguzwa spidi vinakuwa mngurumo, sherehe yote inageuka msiba. Itenge sauti, iache spidi yake ya kawaida, na kwa kuwa picha sasa ni sekunde 7 tafuta kipande chenye vigelegele vinavyoangukia wakati wa kukumbatiana. Na mtu akiwa anaongea kwenye klipu, mzee anatoa nasaha kwa mfano, usiguse spidi kabisa, midomo itakuumbua.

Friizi naitumia kumtambulisha mtu tu. Shangazi anageuka anacheka, picha inasimama, jina linatokea, sekunde 2 tunaendelea. Sogeza fremu moja moja hadi upate ambayo macho yako wazi na mkono haujafifia kwa mwendo, ile ya kwanza utakayosimama huwa siyo. Ukifriizi watu sita mfululizo na mlio wa kamera kila mara, umeshakuwa tangazo la redioni lenye picha.

Rivasi ndo inadanganya watu sana. Inafaa pale kinachotembea ni kamera peke yake. Umerusha droni kwenda mbele juu ya mashamba ya chai ya Rungwe, ukiirivasi inakuwa inarudi nyuma na bonde linafunguka, na hakuna atakayejua kwa sababu chai imetulia. Lakini kagua kona zote za picha kabla hujaekspoti. Nyumba moja ikiwa inapika, moshi utaonekana unashuka kuingia kwenye paa, mtu wa barabarani atatembea kinyumenyume, na maporomoko ya maji ndo usijaribu kabisa. Ukiona moshi ukiwa bado palepale kwenye eneo, rusha droni kwa kurudi nyuma kweli, taratibu, ukiwa umeshakagua nyuma yake hakuna mti wala nguzo.