Kiindonesia: "hati" ni ini au moyo?

"Natafsiri shairi la mapenzi la Kiindonesia. Kamusi inasema hati ni ini. Niandike ini?"

Salaam ndugu. Andika moyo. Kwanza tazama neno lililoandamana nalo. *Jatuh hati*, yaani "kuangukwa na ini", ni kupenda. *Radang hati* ni homa ya ini, hapo ni kiungo chenyewe. Mimi niliwahi kutafsiri *sakit hati* kuwa ugonjwa wa ini, kumbe mtu alikuwa ameumizwa hisia! Moyo unaodunda wanauita *jantung*. Na mpenzi wa dhati humwita *jantung hati*, moyo na ini pamoja. Hapo napenda "moyo wangu, ini langu". Kwetu nalo ini lina hisia: maneno makali hukata maini.