Garanti ya mlango wa tatu

*Swali la wiki: Wewe mwenye nyumba za kupangisha, unatunzaje hesabu ya kodi, madeni na garanti bila kugombana na wapangaji?*

Parsele yetu iko Katuba, hapa Lubumbashi. Ina milango sita. Mama ndiye bayeri, mimi ni mwanawe ninayeandika. Kwa miaka mingi aliandika katika kayee ya shule: ukurasa mmoja kwa kila mlango, miezi kwa mstari, na alama ya vema mbele ya aliyelipa. Nilipohamishia kazi hiyo kwenye Excel, nilinakili kayee jinsi ilivyo: milango chini, miezi juu, vema katikati. Ilipendeza macho kwa miezi miwili tu.

Mwezi wa tatu mpangaji mmoja alileta dola 40 badala ya 60. Nimwekee vema au nisimwekee? Niliandika «nusu», na tangu siku ile jedwali halikuweza tena kujumlisha chochote.

Nilianza upya kwa wazo moja: nisiandike hali ya mpangaji, niandike tukio. Ukurasa wa kwanza unaitwa DAFTARI, na kila mstari wake ni jambo moja lililotokea. Safu zake ni tarehe, alama fupi ya kumtambulisha mpangaji, aina, kiasi, pesa yenyewe (USD au CDF), bei ya dola siku ile, na mwisho kiasi kwa dola. Aina ni tatu tu. DENI ni kodi inayoanza kudaiwa, nami naandika mistari sita tarehe mosi ya kila mwezi, hata kama hakuna aliyebisha hodi. LIPO ni pesa iliyoingia kwa ajili ya kodi. GARANTI ni garanti iliyopokelewa, na ikitoka naiandika kwa alama ya kutoa mbele.

Faida ya kuandika DENI kila mwezi niliiona kodi ilipopanda. Ningekuwa nazidisha miezi kwa kodi ya sasa, hata miezi ya zamani ingepanda nayo, na mtu aliyelipa vizuri angeamka na deni.

Kompyuta nyingi za hapa zinasema Kifaransa, kwa hiyo naandika fomula kama zinavyoonekana kwangu. Safu ya G, kiasi kwa dola, ni hii:

```
=ARRONDI(SI(E2="CDF";D2/F2;D2);2)
```

Ukurasa wa pili, HALI, una mstari mmoja kwa kila mpangaji, na alama yake iko katika A. Deni lake liko katika B, garanti yake katika C:

```
B2: =SOMME.SI.ENS(DAFTARI!G:G;DAFTARI!B:B;A2;DAFTARI!C:C;"DENI")
    -SOMME.SI.ENS(DAFTARI!G:G;DAFTARI!B:B;A2;DAFTARI!C:C;"LIPO")
C2: =SOMME.SI.ENS(DAFTARI!G:G;DAFTARI!B:B;A2;DAFTARI!C:C;"GARANTI")
```

Kwa Kiingereza neno ni `SUMIFS`. Ukituma faili kwa mwenye Excel ya lugha nyingine, inajigeuza yenyewe.

Sasa niwaeleze mlango wa tatu. Baba mmoja aliingia tarehe 1/2/2025, kodi dola 60, garanti 180. Ni miezi mitatu, na sheria ya nchi ya Desemba 2015 hairuhusu kuzidisha hapo kwa nyumba ya kuishi. Alilipa 60, 60, kisha 40, kisha 60. Mwezi wa sita alileta franka 112 000, tukakubaliana bei ya 2 800, yaani dola 40. Hadi hapo DENI ni 300, LIPO ni 260, anadaiwa 40. Hakuna ubishi.

Ila mwanzoni nilikuwa nimeweka bei ya dola katika kisanduku kimoja pembeni, na franka zote zikigawanywa kwa bei hiyo. Niliona ni werevu. Baadaye dola iliposhuka nikaandika 2 400, zile franka za mwezi wa sita zikageuka dola 46,67, na deni likapungua karibu dola 7 bila mtu kulipa hata senti. Ndiyo maana bei sasa inakaa katika mstari wa malipo yenyewe na haiguswi tena. Bei ni ile tuliyokubaliana siku ya kupokea, na inaandikwa pia kwenye risiti.

Mwezi wa saba yule baba akaniambia, «Mwanangu, mwezi wa tisa nahama. Hii miezi mitatu nitakula garanti.» Wapangaji wengi hapa huhama hivyo. Nikamwendea Mama.

«Garanti gani?» akasema. «Si ile tulinunua nayo mabati?»

Kweli, tulikuwa tumeila sisi kabla yake. Katika kayee garanti ilikuwa imeandikwa pamoja na kodi ya mwezi wake wa kwanza, dola 240 kwa mpigo, nasi tukauona mwezi ule kuwa wa baraka. Siku hizi jumla ya safu ya C ya HALI naiangalia kabla ya kununua hata msumari: pesa hiyo ni ya watu, na lazima iwe kwenye sanduku au benki kwa kiasi kilekile.

Mwisho wa mwezi wa tisa DENI lilifika 480, LIPO likabaki 260. Anadaiwa 220, garanti ni 180. Hapa usifute mstari wowote. Niliandika miwili kwa tarehe moja: GARANTI, -180, kisha LIPO, 180. Garanti ikawa sifuri, deni likabaki 40. Ni zile 20 za mwezi wa nne na 20 za mwezi wa sita, ambazo yeye alidhani garanti imezimeza. Nilimwonyesha mistari yake tu, akaihesabu kwa kidole, akakubali.

Makosa yanayonirudia ni ya kuandika. Ukiweka «60 dola» katika kiasi, au «112.000» kwa nukta, kompyuta ya Kifaransa inaona maneno, si namba, vivyo hivyo tarehe kama 31/06, ambayo haipo. Utaitambua kwa kuwa inaegemea kushoto, wakati namba na tarehe za kweli huegemea kulia. Alama ikiwa na nafasi iliyojificha mwishoni, malipo hayamfikii mwenyewe. Kwa hiyo chini ya HALI nina kisanduku kinacholinganisha jumla ya madeni yote na jumla ya DENI kutoa LIPO kwenye DAFTARI. Zikitofautiana, kuna mstari yatima. Alama zenyewe naziweka katika orodha ya kuchagua, kupitia `Données` kisha `Validation des données`, nisiziandike kwa mkono.

Na alama iwe ya mpangaji, si ya mlango. Yule baba ni M3-A. Mama mwenye watoto wawili aliyeingia mwezi wa kumi ni M3-B, deni lake sifuri, garanti 180, safari hii imo sandukuni. M3-A alituma 25 kwa simu. Mstari wake bado upo pale juu, na 15 zake.